Stori ya watu kupunguzwa kiwandani: uanzie getini au uanzie kwenye karatasi?

Ukipigiwa simu saa moja asubuhi kwamba kiwanda fulani pale Vingunguti kimepunguza watu na watu wamejaa getini, una njia mbili za kuifanya hiyo stori, na mara nyingi unaamua ukiwa bado kwenye daladala. Njia ya kwanza naiita njia ya geti, unafika, unarekodi wanaolia na wanaofoka, unapiga picha ya umati, unampigia meneja mara mbili hapokei, jioni stori imetoka. Njia ya pili ni ya karatasi, getini unafika pia ila unachotafuta ni barua, slipu za mshahara, orodha ya majina iliyobandikwa ukutani, halafu unakaa chini unahesabu, unaandikia kampuni maswali yenye tarakimu, na stori inatoka siku ya pili au ya tatu.

Nimefanya zote mbili, na kila moja imeshaniumiza kwa namna yake. Kwa hiyo nataka niziweke ubavuni mwa kiwanda kimoja tuone kila njia inakupa nini na inakuficha nini. Kiwanda ni cha bidhaa za plastiki, sikitaji jina, na tarakimu nimezibadili kidogo kisijulikane, ila hesabu zake zinaenda vilevile zilivyoenda siku zile.

Tuanze na namba maana hapo ndo stori nyingi za namna hii zinapovunjika. Getini kila mtu alikuwa anasema "tuko zaidi ya mia nne". Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi akasema 206. Kampuni ilipojibu ikasema 112. Sasa mwandishi wa njia ya geti anaandika 400 kwasababu ndo namba aliyoisikia mara nyingi zaidi na umati ulionekana mkubwa, mwandishi wa karatasi anaandika 112 kwasababu ndo namba yenye mhuri. Wote wawili wamekosea na wote wawili hawajadanganywa na mtu yeyote, hiki ndo kitu kilichonichukua muda kukielewa.

Kiwanda cha Dar ukiingia ndani utakuta watu wamevaa ovaroli moja, wanakula kwa mama ntilie mmoja, wanaingia shifti moja, lakini kisheria si watu wa aina moja. Kuna wa kudumu. Kuna wa mkataba wa muda, miezi sita au mwaka. Halafu kuna vibarua walioletwa na wakala, ambao mwajiri wao kwenye makaratasi ni wakala na si kiwanda. Ukitaka kujua mtu yuko kundi gani usimuulize "wewe ni wa kudumu?", atakwambia ndiyo kwasababu yupo pale miaka mitano. Muombe slipu au mwambie akuonyeshe taarifa yake ya michango ya NSSF, uangalie jina la mwajiri lililoandikwa juu. Kijana mmoja alinihakikishia kabisa kwamba yeye ni wa kampuni, akafungua simu yake, jina la mwajiri likawa la kampuni ya wakala ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuisikia. Akaniuliza, "Sasa bro, hawa ndo kina nani?"

Ukishalijua hilo zile namba tatu zinaanza kukaa kwenye nafasi zake. Kampuni ilihesabu wa kudumu tu, waliopewa barua za kupunguzwa. Tawi lilijumlisha na wa mkataba wa muda ambao mikataba yao iliisha mwezi uleule na haikuhuishwa. Na watu wa getini walijumlisha wote pamoja na vibarua wa wakala, halafu wakaongezea kidogo kama umati unavyofanya.

Nilizipima hivi. Orodha ya ukutani ilikuwa kurasa nne, nikapiga picha kila ukurasa kabla mlinzi hajaitoa. Namba ya mwisho ilikuwa 115, ila usiichukue namba ya mwisho ukaondoka, nenda mstari kwa mstari. Namba 41 ilikuwa imerukwa na majina mawili yalijirudia na namba za ajira zilezile, ikabaki 112, sawa kabisa na kampuni walivyosema. Hapo nikajua kwenye kundi hilo kampuni inasema kweli, na hilo nalo ni la kuandika, usiliache kwasababu halina moto.

Wa mkataba wa muda, katibu wa tawi alikuwa na daftari lenye majina 97. Nikatoa matatu yaliyojirudia, 94. Sikuweza kuona barua zote 94, kwa hiyo nikachukua kila jina la tano, nikapata 18, nikapiga simu. Walipokea 15, na wote 15 walisema mkataba umeisha na hawajapewa mwingine, tisa kati yao wakanitumia picha ya mkataba kwa wasap. Hii haithibitishi watu 94 mmoja mmoja, inathibitisha kwamba orodha ile si ya kubuni, na sentensi yako lazima iseme hivyo hivyo: kwa mujibu wa orodha ya tawi, ambayo tumeipima kwa kuwapigia simu baadhi ya waliomo. Angekuwepo hata mmoja kati ya wale 15 aliyesema "mimi mbona nipo kazini", ningesimama na kurudia orodha nzima.

Vibarua ndo pagumu zaidi maana hawana barua, wao hawaitwi tu. Kazi imeisha jana, leo hujaitwa, kesho hujaitwa, basi. Hapa nilienda kwa wanyapara, wale wanaoita majina alfajiri. Kila shifti ina wake na kila mmoja ana daftari lake, nikaongea nao kila mtu peke yake bila kumwambia mwenzake kasema ngapi. Shifti ya asubuhi majina 48 hayajaitwa tangu wiki iliyopita, ya mchana 55, ya usiku 47. Jumla 150. Ukiwauliza wakiwa pamoja watakupa namba moja ya duara na hutaweza kuipima tena.

Kwa hiyo 112, na 94, inakuwa 206, ongeza takriban 150, unapata 356. Si 400, si 112. Na neno takriban libaki pale kwasababu daftari la nyapara si orodha ya ajira, mtu anaweza akawa hajaitwa au kaenda msibani Kigoma.

Mtego wa asilimia upo hapohapo. Kampuni iliandika kwamba "zoezi limegusa asilimia 15 tu ya wafanyakazi". Piga hesabu, wa kudumu walikuwa 740, 112 gawanya kwa 740 ni asilimia 15, sawa. Lakini waliokuwa wanaingia pale ndani kila siku ukijumlisha wa kudumu, wa mkataba na wa wakala walikuwa kama 1,100, na 356 kwa 1,100 ni asilimia 32. Kutoka mtu mmoja kati ya saba mpaka mtu mmoja kati ya watatu, na hakuna aliyepindisha tarakimu, kilichobadilika ni nani anahesabiwa kuwa mfanyakazi. Ukikuta asilimia kwenye taarifa ya kampuni swali la kwanza liwe: asilimia ya wangapi, na hao wangapi ni akina nani?

Sasa njia ya geti ina kitu ambacho karatasi haitakupa hata ukae nayo mwezi. Mama mmoja wa kitengo cha kupakia, miaka 14 kazini, nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha lori upande wa pili wa barabara. Nikamwamkia, shikamoo mama, pole kwa haya, akaitikia marahaba, akaniangalia kidogo ndo akaongea.

"Mwanangu, mimi barua nimepewa saa nne, lakini jina langu nililiona ukutani saa moja asubuhi. Nimefanya kazi masaa matatu huku najua nimeshapunguzwa, kwasababu supavaiza kasema tumalizie oda."

Hayo masaa matatu hayapo kwenye karatasi yoyote. Barua ina tarehe, haina saa. Na sauti ya namna hii ndo ninayoitafuta getini, mtu anayejua jambo, kuliko mtu anayelia tu. Maumivu yapo na yaandikwe, ila ukirudi na watu sita wanaosema "tunateseka, tuna familia, serikali itusaidie" umerudi na mtu mmoja mara sita. Bora watatu, mmoja wa kudumu, mmoja wa mkataba, mmoja kibarua, kila mmoja ulishamuuliza yuko kitengo gani, miaka mingapi, anapokea shilingi ngapi, kaambiwa nini na nani, ana karatasi gani.

Mama akafungua fundo la khanga akatoa barua iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Na hapa geti na karatasi zikakutana, maana yeye alikuwa analalamika, "miaka 14 kiinua mgongo laki saba, huu si wizi?", na kampuni ilikuwa imeshasambaza taarifa kwamba kila aliyepunguzwa kalipwa "kiinua mgongo cha wastani wa shilingi milioni 1.2". Nani mkweli?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 42, inasema kiwango cha chini cha kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mshahara wake wa msingi ulikuwa 260,000 kwa mwezi. Kupata wa siku unagawanya kwa 4.333 upate wa wiki, inakuja 60,000, unagawanya kwa siku 6 anazofanya kazi, unapata 10,000. Siku 7 mara miaka 10 ni siku 70, mara 10,000, ni 700,000. Laki saba ni hesabu sahihi kabisa ya kiwango cha chini. Miaka yake minne ya mwisho haihesabiki kwenye kiwango hicho, na ova-taimu iliyokuwa inamfikisha 340,000 kwa mwezi nayo haiingii kwasababu kinachohesabiwa ni mshahara wa msingi.

Na ile milioni 1.2 ya kampuni? Barua ilikuwa na mistari minne: kiinua mgongo 700,000, malipo ya notisi 260,000, likizo ambayo hajachukua 130,000, siku 12 alizofanya kazi mwezi ule 120,000. Jumla 1,210,000. Kwa hiyo kampuni ilichukua jumla yote, pamoja na mshahara ambao mama alishaufanyia kazi, ikauita kiinua mgongo. Mwandishi wa geti angeandika mama kaibiwa, asingeweza kulitetea hilo mbele ya wakili. Mwandishi wa karatasi aliyekopi taarifa ya kampuni angeandika kalipwa milioni 1.2 kiinua mgongo, na hilo nalo si kweli. Ukikaa na barua moja kwa dakika ishirini unapata sentensi tatu zenye nguvu kuliko stori nzima ya mwenzako, kwamba kalipwa laki saba, kwamba ndo kima cha chini cha sheria, na kwamba miaka minne ya jasho lake haina mahali kwenye hiyo hesabu.

Barua kama hiyo usiiposti nzima. Kata jina, kata namba ya ajira, kata na kumbukumbu namba ya juu kulia, watu wengi wanaisahau hiyo, kwenye ofisi ya utumishi wanaijua ni ya nani ndani ya dakika moja. Na muulize mtu kama kuna karatasi aliyosaini ya kutoongea, wengine wanasaini bila kusoma, na wengine bado wana matumaini ya kuitwa tena. Jina lake likae nje kama anaomba hivyo, lakini wewe na edita wako mlijue, na kwenye stori useme kwa nini halipo.

Twende kwenye sababu za kampuni. Hapa njia ya geti huwa inaweka mstari mmoja mwishoni, "juhudi za kumpata meneja hazikuzaa matunda", na njia ya karatasi inabandika aya tatu za taarifa ya kampuni kama zilivyo. Mimi sizipendi zote mbili, na ya pili naiona hatari zaidi kwasababu inaonekana ya haki.

Kanuni za utendaji bora za 2007 zinazitambua sababu za aina tatu, za kiuchumi, za kiteknolojia na za kimuundo. Kampuni ile ilisema ni uchumi, malighafi inaagizwa nje, dola imekuwa ghali na ngumu kupatikana, oda zimepungua. Ni sababu inayoingia akilini, plastiki ghafi inaagizwa kweli na uhaba wa dola uliwahi kuwabana wengi. Ila kuna kipimo kimoja rahisi, ilinganishe sababu na waliopunguzwa. Kama tatizo ni malighafi na uzalishaji umeshuka, utegemee kila kitengo kiguswe, wa mashine, wa kupakia, wa stoo, madereva. Nikarudi kwenye zile kurasa nne, kitengo kilikuwa kimeandikwa pembeni ya kila jina. Kati ya 112, watu 87 walikuwa wa kupakia, kwenye mashine za kuyeyushia walitoka 6 tu. Wafanyakazi wawili ambao hawajuani wakaniambia, kila mtu kwa wakati wake, kwamba miezi miwili nyuma zilifungwa mashine mbili mpya za kupakia.

Hapo unashawishika kuandika "kampuni imedanganya", usiandike. Inawezekana zote mbili ni kweli, dola ilibana na ndo maana wakaamua kununua mashine wapunguze gharama. Unachofanya ni kuiweka sababu yao kwa maneno yao, halafu aya inayofuata tarakimu ya vitengo, halafu jibu lao kuhusu mashine. Msomaji ataona mwenyewe.

Jibu hilo utalipata tu kama umeuliza vizuri. Swali la "mnasemaje kuhusu kupunguza wafanyakazi" linajibiwa na taarifa ileile iliyoandaliwa tangu juzi. Niliyotuma mimi yalikuwa manne, kwa barua pepe ya kampuni na wasap ya ofisa utumishi: Je, watu 87 kati ya 112 ni wa kitengo cha kupakia? Je, mashine mbili za kupakia zilifungwa lini? Je, mikataba 94 haikuhuishwa mwezi huu? Vikao vya mashauriano vilifanyika tarehe zipi na nani alikaa upande wa wafanyakazi? Nikaweka saa ya mwisho, saa kumi jioni kesho yake. Hilo la nne ni muhimu kwasababu kifungu cha 38 cha ile Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri atoe notisi ya kusudio mapema, atoe taarifa muhimu, na ashauriane kuhusu sababu, namna ya kuepusha au kupunguza, nani atachaguliwaje, lini, na malipo, kabla ya kupunguza. Kampuni ikisema "tulishauriana", tarehe na mukhtasari vinapimika, neno tulishauriana halipimiki. Na tawi likisema "hatukushirikishwa" waulize hivyohivyo, maana mara nyingine katibu alikaa kwenye kikao ila hakuwarudishia wanachama.

Walijibu maswali mawili. Mashine zimefungwa kweli, mwezi wa tatu, "kama sehemu ya maboresho". La mikataba walisema mikataba iliisha yenyewe kwa hiyo hao si waliopunguzwa. Hilo la pili liandike kama walivyosema, kisha weka pembeni yake kwamba sheria hiyohiyo, kifungu cha 36, inaona kutohuisha mkataba ni kuachishwa kazi pale ambapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa. Kuna kijana alishahuishiwa mara nne mfululizo, sasa kama hayo ni matarajio ya msingi au siyo ataamua mwamuzi wa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siyo wewe.

Maneno nayo yana kesi yake. Kufukuzwa ni kwa kosa, kupunguzwa ni kwa sababu za mwajiri, na mtu akiandikwa gazetini kafukuzwa kisha akaenda kuomba kazi kiwanda cha jirani pale Barabara ya Nyerere, lile neno linamfuata. Getini wote wanasema "tumefukuzwa", kwenye nukuu liache, kwenye maneno yako wewe andika kupunguzwa.

Ukiziweka aya za kwanza ubavu kwa ubavu utaona tofauti vizuri. Ya geti ingekuwa hivi:

"Zaidi ya wafanyakazi 400 wa kiwanda cha plastiki Vingunguti jijini Dar es Salaam wamefukuzwa kazi bila kulipwa haki zao."

Ina makosa matatu kwenye sentensi moja, namba, kufukuzwa, na haki ambazo hujaona barua hata moja ukajua zimelipwa au la. Ya karatasi peke yake ingekuwa hivi:

"Kiwanda cha plastiki cha Vingunguti kimepunguza wafanyakazi 112, sawa na asilimia 15, kutokana na kupanda kwa gharama za malighafi."

Hii haina kosa la namba hata moja na bado imewafuta watu 244. Iliyotoka mwishoni ilikuwa hivi:

"Watu 206 wamepoteza ajira katika kiwanda cha plastiki Vingunguti, na vibarua wengine takriban 150 hawajaitwa kazini tangu wiki iliyopita, kwa mujibu wa barua, orodha na madaftari tuliyoyaona. Kampuni inatambua 112."

Aya ya pili ikawa ya mama na masaa yake matatu. Ya tatu sababu ya kampuni, ya nne vitengo na mashine. Hesabu ya kiinua mgongo ikakaa katikati, kwa maneno, bila jedwali.

Kwa hiyo uchague ipi? Kama uko redioni na taarifa ya saa saba mchana inakusubiri, nenda njia ya geti, ila punguza unachodai. Usitaje jumla. Sema "makumi ya wafanyakazi walikuwa nje ya geti", sema umeona barua za watu wangapi, hata kama ni tatu, sema kampuni umeitafuta saa ngapi na kwa njia gani. Stori ya barua tatu ulizoziona inasimama, ya watu 400 uliosikia itaanguka saa tisa kampuni ikitoa tamko, na ikianguka yule mama anaanguka nayo, maana msomaji ataona wafanyakazi ndo waliodanganya. Hilo lilishanitokea, niliandika namba ya umati, kampuni ikaikanusha kwa barua moja, na wiki nzima watu wakawa wanabishana kuhusu namba yangu badala ya kilichowapata wale watu.

Kama una siku mbili, geti kwanza kisha karatasi, wala usigeuze huo mpangilio. Watu getini wanatawanyika, orodha ukutani inatolewa, barua zinarudi Tandale na Mbagala kwenye mifuko ya nailoni na hutazipata tena kirahisi. Karatasi za kampuni hazikimbii. Kama kampuni imeorodheshwa soko la hisa la DSE hesabu zake za mwaka zinachapishwa, unaweza kuona mapato na gharama za wafanyakazi zilivyokwenda, zitakusubiri. Kama haijaorodheshwa unachopata kwa msajili wa kampuni, BRELA, ni wakurugenzi na wanahisa, sababu ya kiuchumi huwezi kuithibitisha kwa hesabu, na ndo hapo kile kipimo cha vitengo kinapokuwa na thamani kuliko kitu kingine chochote.

Njia ya karatasi tupu, bila kwenda getini kabisa, mimi naiona inafaa sehemu moja tu, pale taarifa imetoka kabla watu hawajapunguzwa, yaani umepata notisi ya kusudio na mashauriano hayajaanza. Hapo hakuna umati bado, na ukienda kuuliza wafanyakazi hovyo unaweza ukawa wewe ndo uliyewapa habari kwamba wanaondoka. Anza na tawi na kampuni, wengine wafuate.

Na baada ya stori kutoka, weka alama kwenye kalenda siku 30 kuanzia tarehe ya kuachishwa kazi. Ndo muda alionao mfanyakazi kupeleka CMA lalamiko la kuachishwa isivyo halali, akipitiliza lazima kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze alichelewa kwa nini. Siku ya 25 nilimpigia yule mama kumuuliza kama amefungua shauri. Hakuwa anajua kwamba kuna siku zinahesabiwa. Nikampigia katibu wa tawi, na stori ya pili ikawa hiyo: kati ya watu 112, hadi siku ile waliokuwa wamefungua shauri walikuwa 9.